Kodi Inayosubiri Kwenye Mizania

Mwanahisa anapofungua ripoti ya mwaka ya kampuni yake, jicho hukimbilia mstari wa faida, kisha hushuka kwenye kodi. Akikuta faida ya shilingi milioni 50 kabla ya kodi, naye anajua kwamba kampuni nchini Tanzania hutozwa asilimia 30, atatarajia kuona milioni 15. Na kweli ataiona milioni 15. Ila akifungua ukurasa wa mtiririko wa fedha, atakuta Mamlaka ya Mapato imelipwa milioni 9 tu kwa mwaka huo. Ile milioni 6 haikulipwa, wala haikusamehewa, wala hakuna aliyeikwepa. Iko upande wa madeni kwenye mizania, kwenye mstari ambao wasomaji wengi huupita tu: kodi iliyoahirishwa.

Deni hili halina ankara. Mamlaka haijalidai na haitatuma barua ya kulikumbusha, kwa sababu kwa sheria ya kodi bado halijazaliwa. Hata hivyo mhasibu analiandika, mkaguzi analikagua, na wamiliki wananyimwa faida ya kiasi hicho hicho. Mtu ana haki ya kuuliza ni deni gani hili. Ili kulielewa inabidi kufuata gari moja tangu linunuliwe hadi liuzwe.

Tuchukue kampuni ndogo inayosafirisha viazi kutoka Njombe hadi Dar es Salaam. Imenunua kenta ya tani 4 kwa shilingi milioni 80. Hakuna mhasibu atakayeandika milioni 80 yote kuwa gharama ya mwaka mmoja, maana gari litafanya kazi kwa miaka mingi. Gharama hiyo inagawanywa katika miaka ya matumizi, na kila fungu la mwaka ndilo linaloitwa uchakavu. Wakurugenzi wanaijua barabara yao na wanayajua magari yao. Wanakadiria kenta itadumu miaka 8 na mwisho wake haitakuwa na thamani ya kutajwa. Hivyo vitabu vinabeba uchakavu wa milioni 10 kila mwaka, mafungu sawa, hadi gari liishe.

Sheria ya kodi haitaki makadirio ya wakurugenzi. Ingeyakubali, kila kampuni ingejichagulia umri wa mali zake kulingana na kodi inayotaka kulipa, na maofisa wa kodi wangebishana na kila mmiliki juu ya kila gari. Kwa hiyo Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 limepanga mali katika madaraja na kuyapa viwango vyake. Kompyuta, magari madogo, mabasi yenye viti pungufu ya 30, magari ya mizigo ya chini ya tani 7 na mitambo ya ujenzi viko daraja la kwanza, ambalo kiwango chake ni asilimia 37.5 kwa mwaka. Asilimia hiyo hupigwa kwenye salio lililobaki, na salio hupungua kila mwaka.

Mwaka wa kwanza, asilimia 37.5 ya milioni 80 ni milioni 30. Mwaka wa pili salio ni milioni 50, na uchakavu wa kodi ni milioni 18.75. Mwaka wa tatu ni kama milioni 11.7, na wa nne umeshuka hadi milioni 7.3. Viwango hivi ni vikubwa kwa makusudi: nchi inayotaka watu wanunue mitambo humrudishia mnunuzi sehemu kubwa ya gharama mapema, wakati bado anahangaika na marejesho ya benki. Nchi nyingi zinafanya hivyo, na baadhi zimewahi kuruhusu gharama yote ya mtambo iondolewe mwaka ule ule wa kununua.

Sasa tuziweke hesabu mbili pamoja. Tuseme kila mwaka kampuni inabaki na milioni 60 baada ya mafuta, mishahara, matairi na mengine yote, ila uchakavu haujatolewa. Kwa vitabu, ukitoa milioni 10, faida ni milioni 50 kila mwaka, mwaka wa kwanza hadi wa nane, bila kutikisika. Kwa hesabu ya kodi, mwaka wa kwanza inatolewa milioni 30, mapato yanayotozwa kodi yanakuwa milioni 30, na kodi yake ni milioni 9. Mwaka wa pili kodi inapanda hadi milioni 12.4, wa tatu milioni 14.5. Mwaka wa nne inavuka ile milioni 15 na kufika milioni 15.8, kisha inaendelea kupanda polepole hadi mwaka wa nane, ambapo ni karibu milioni 17.7.

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Gari ni lile lile, mzigo ni ule ule, mapato hayajabadilika. Lakini kampuni ikiandika kodi iliyolipa tu, faida yake baada ya kodi itasomeka milioni 41 mwaka wa kwanza, milioni 37.6 wa pili, milioni 35.5 wa tatu, na itateremka hivyo hadi milioni 32.3 mwaka wa nane. Msomaji wa nje atasema biashara inadidimia. Meneja anayelipwa bonasi kwa faida ataonekana hodari mwaka wa kwanza na mzembe mwaka wa nane, ilhali hakuna alichokifanya tofauti. Kinachopungua ni unafuu wa kodi peke yake, ambao ulitangulizwa mwanzoni na sasa unalipiwa.

Kinachoniogopesha zaidi ni gawio. Wamiliki wakiona milioni 41 na kugawana zote, wamechukua milioni 6 ambayo haikuwa faida. Ilikuwa kodi ya miaka ya mbele iliyoachwa mikononi mwao kwa muda, kama mkopo wa serikali usio na riba. Kuitumia fedha hiyo kununulia matairi au kupunguza deni la benki ni busara kabisa, kwa sababu kampuni inabaki na kitu. Kuigawa kwa wanahisa ni kuila kodi ya kesho, na anayenunua hisa mwaka wa nne ndiye atakayelipia chakula ambacho hakukionja.

Ndiyo maana Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 12 kinataka milioni 6 iandikwe mwaka ule ule wa kwanza: inaongezwa kwenye gharama ya kodi, na papo hapo inawekwa upande wa madeni. Gharama yote ya kodi inakuwa milioni 15, faida inabaki milioni 35, na inaendelea kuwa milioni 35 kila mwaka hadi kenta itakapostaafu. Kuanzia mwaka wa nne, kodi inayolipwa ikipita milioni 15, ziada inachotwa kutoka kwenye deni lililotunzwa. Wanahisa wanaona biashara ilivyo.

Namna ya kulipima deni hilo ni rahisi kuliko sifa zake. Kila mwisho wa mwaka chukua thamani ya gari vitabuni, toa salio lake kwa hesabu ya kodi, zidisha tofauti kwa kiwango cha kodi. Mwisho wa mwaka wa kwanza kenta ina milioni 70 vitabuni na milioni 50 kwa kodi. Tofauti ni milioni 20, na asilimia 30 yake ni milioni 6. Mwisho wa mwaka wa pili ni milioni 60 dhidi ya milioni 31.25, na deni linakuwa milioni 8.6. Mwaka wa tatu linafika kilele chake, milioni 9.1, kisha linaanza kushuka: milioni 8.3, milioni 6.7, milioni 4.6, milioni 2.1. Mwaka wa nane thamani ya vitabuni imekwisha, lakini kwa kodi bado kuna salio la kama milioni 1.9, kwa kuwa asilimia ya salio haimalizi kamwe kilichobaki. Wakati huo hesabu inageuka, na ni kampuni inayodai unafuu mdogo wa kodi usiozidi laki 6.

Tofauti hiyo inayokua kisha ikafifia ndiyo inayohusika. Faini ya trafiki, kwa mfano, haiingii humo. Sheria ya kodi haiikubali leo wala kesho, kwa hiyo haiahirishi chochote.

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika hesabu za kampuni ndogo liko kwenye hatua ya mwisho. Mhasibu anapata deni la mwisho wa mwaka wa pili, milioni 8.6, na analiandika lote kuwa gharama ya mwaka huo. Amesahau kwamba milioni 6 ilishaandikwa mwaka uliotangulia, na gharama ya mwaka wa pili ni ongezeko tu, yaani milioni 2.6. Kosa hili linajifichua lenyewe. Kodi iliyolipwa ya milioni 12.4 ikijumlishwa na milioni 8.6 inakuwa milioni 21, ambayo ni asilimia 42 ya faida ya milioni 50. Katika ripoti zinazofuata viwango vya kimataifa kuna maelezo yanayolinganisha kodi iliyoandikwa na asilimia 30 ya faida, na yanapaswa kueleza kila pengo kubwa. Msomaji asiye mhasibu anaweza kuanzia hapo. Pengo kubwa lisilo na maelezo linatosha kumfanya mtu aulize swali kwenye mkutano mkuu.

Kosa la pili hukaa kwenye daftari la mali. Gari limeuzwa, hesabu ya kodi imelitoa, lakini vitabuni bado lipo, au kinyume chake. Tofauti inayopatikana hapo ni uzembe wa karani, na kuizidisha kwa asilimia 30 ni kuuvalisha uzembe huo nguo za kitaalamu. Kabla ya kuamini deni la kodi iliyoahirishwa, mkaguzi mzuri huchukua orodha mbili na kuzipitisha gari kwa gari.

Kuna hoja moja dhidi ya mfumo huu ambayo ni nzito, nami naiheshimu. Kampuni yetu ikinunua kenta moja kila mwaka, gari la zamani linapoanza kupunguza deni, gari jipya linaliongeza. Jumla ya deni haishuki kamwe, na huenda ikapanda kila mwaka kadiri bei za magari zinavyopanda. Kwa nini basi kampuni ikate faida yake kwa ajili ya deni ambalo kwa jumla halitalipwa?

Waingereza waliijaribu hoja hiyo kwa vitendo. Tangu mwaka 1972 sheria yao iliruhusu gharama yote ya mtambo kuondolewa kwenye kodi katika mwaka wa kwanza, hivyo deni la kodi iliyoahirishwa likawa kubwa mno. Kiwango cha uhasibu cha mwaka 1975 kilitaka deni lote liandikwe. Kampuni zililalamika, na mwaka 1978 kikatolewa kingine kilichoruhusu kuacha ile sehemu ambayo haikutarajiwa kulipwa hivi karibuni. Kisha ikaja bajeti ya mwaka 1984. Waziri wa fedha Nigel Lawson aliamua kuondoa ule unafuu wa asilimia 100 kwa hatua na kushusha kiwango cha kodi ya kampuni. Madeni yaliyosemwa hayatakuja yakaanza kuonekana njiani, na kampuni, hasa benki zilizokuwa na biashara kubwa ya kukodisha mitambo, zililazimika kutenga kwa mkupuo fedha ambazo hazikuwa zimeandikwa.

Hoja ya deni lisiloshuka ilisimama juu ya mambo mawili, kwamba kampuni itaendelea kununua na kwamba sheria itabaki vilevile. Yote mawili yako nje ya uwezo wa mhasibu. Kiwango namba 12 kiliporekebishwa mwaka 1996 kiliufunga mlango huo, na Uingereza nayo ilirejea kuandika deni lote mwaka 2000. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa bei yake ipo. Kiwango kinakataza kupunguza deni kwa kuzingatia muda, kwa hiyo milioni itakayolipwa baada ya miaka 8 inaandikwa sawasawa na ya mwakani. Anayepima uimara wa kampuni inayokua afahamu kwamba deni hilo vitabuni linaonekana zito kuliko uzito wake halisi. Wapo maofisa wa mikopo wanaolipa uzito pungufu kwa sababu hiyo, na kwa kampuni inayokua sioni kosa lao. Kwa kampuni inayofunga njia zake na kuuza magari, lingekuwa kosa kubwa.

Kiwango cha kodi chenyewe kikibadilika, deni lote linapimwa upya siku hiyo, pamoja na lile la miaka iliyopita. Kenya ilitoa mfano ulio wazi. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, kodi ya kampuni ilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25. Desemba mwaka huo huo bunge likapitisha sheria ya kuirudisha asilimia 30 kuanzia Januari 1, 2021. Fikiria kampuni ya huko inayofunga hesabu Juni, yenye tofauti ya shilingi za Kenya milioni 100 kati ya vitabu na kodi. Deni lililokuwa milioni 30 lilishuka hadi milioni 25 kwenye hesabu za Juni 2020, na milioni 5 ikaingia kwenye faida bila mtu kuuza hata msumari. Mwaka uliofuata, kama tofauti ilibaki ile ile, milioni 5 hiyo ilitoka tena.

Kwa kampuni inayofunga Desemba jambo lilikuwa la ajabu zaidi. Kodi ya mwaka 2020 ilihesabiwa kwa asilimia 25, lakini deni lililoahirishwa lilihesabiwa kwa asilimia 30, kwa sababu sheria mpya ilishapita na miaka ya kulipa ingekuwa chini ya kiwango kipya. Uchakavu ulioharakishwa mwaka huo uliokoa senti 25 kwa kila shilingi, na ungekuja kulipiwa senti 30. Kwa mwaka ule mmoja, kuharakisha uchakavu kulikuwa na gharama.

Turudi Njombe, maana hadithi ya kenta haijakwisha. Magari mengi hayafi vitabuni, huuzwa. Tuseme mwaka wa tano unapoanza kampuni inapata mnunuzi wa milioni 45. Vitabuni kenta ina milioni 40, kwa hiyo mmiliki anaona faida ya milioni 5 na anategemea kodi ya milioni 1.5. Kwa hesabu ya kodi, salio lilikuwa limeshuka hadi milioni 12.2. Ikiwa hakuna gari lingine katika daraja hilo, ziada yote ya milioni 32.8 inaingia kwenye mapato, na kodi yake ni milioni 9.8.

Mmiliki ambaye hakuwahi kusoma mstari wa kodi iliyoahirishwa atadhani ameonewa. Aliyeusoma atatambua kwamba milioni 1.5 inatokana na faida ya mauzo, na milioni 8.3 iliyobaki ni lile deni lililokuwa kwenye mizania ya mwaka wa nne, limeiva lote siku moja.

Ingekuwa vingine kama mwaka huo huo angenunua kenta nyingine kwa milioni 90. Sheria haifuati gari moja moja. Inajumlisha mali za daraja moja katika salio moja. Milioni 90 ingeongezwa, milioni 45 ya mauzo ingetolewa, na salio lingekuwa milioni 57.2, ambalo asilimia 37.5 yake ni kama milioni 21.5 ya uchakavu wa kuondoa kwenye mapato. Hakuna ziada ambayo ingetozwa, na lile deni lingehamia kwenye gari jipya. Kwa hiyo mmiliki anayepanga kuuza gari Desemba na kununua jingine Januari ana sababu ya kumuuliza mhasibu wake kabla ya kusaini hati ya mauzo, kwa kuwa siku chache kati ya miaka miwili ya hesabu zinaweza kumlazimisha kutoa taslimu milioni 9.8 ambazo angeweza kuendelea kuzifanyia kazi.